Wakia Nane ni Mililita Ngapi?

Kwenye maduka ya vifungashio, chupa ya kioo ya mdomo mpana hukaa rafuni bila jina. Haina lebo wala kipimo kilichoandikwa ubavuni. Ina kifuniko cha rangi ya dhahabu na vumbi kidogo tu. Mteja akiuliza ukubwa wake, muuzaji hujibu bila kusita: "Hiyo aunsi nane, mama." Akiulizwa ni mililita ngapi, hujibu upesi vilevile: "Mia mbili hamsini hiyo."

Muuzaji hana nia ya kudanganya, anasema alichoambiwa alipopokea mzigo. Lakini majibu yake mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Aunsi nane za Marekani ni mililita 237. Aunsi nane za Uingereza ni mililita 227. Mililita 250 ni robo lita, na si aunsi nane za nchi yoyote. Kati ya 237 na 250 kuna mililita 13, hata kijiko kimoja cha mezani hakijai. Kwa anayepika chakula cha nyumbani hilo si jambo. Kwa anayejaza chupa 200 za pilipili na kuandika "250 ml" kwenye kila lebo, ni zaidi ya lita mbili na nusu za bidhaa ambayo wateja wameilipia na haimo chupani.

Tatizo hili huwapata sana wajasiriamali wadogo wa sosi, achari, jemu na asali, kwa sababu kila kitu wanachotumia kimetoka mahali tofauti. Chupa imetoka Uchina ikiwa na jina la Kimarekani. Mapishi yametoka mtandaoni na yanahesabu kwa vikombe. Jagi la jikoni lina mistari ya mililita. Lebo lazima isomeke kwa mteja wa hapa na, siku ikifika, kwa mteja wa mbali. Anayebadilisha vipimo hivi kichwani kila mara atakosea mahali fulani tu. Njia inayofanya kazi ni kuchagua lugha moja, mililita, na kukigeuza kila kipimo kuwa mililita mara moja tu, mlangoni, kabla hakijaingia kwenye hesabu. Ila kuna vipimo viwili au vitatu ambavyo havikubali kugeuzwa kwa kalamu. Hivyo lazima vipimwe.

Tuanze na aunsi yenyewe. Kiswahili kina neno lake la zamani, wakia, nalo lilikuwa kipimo cha uzito: wakia 16 zilifanya ratili moja, na wakia moja ilikaribia uzito wa riale ya fedha, gramu 28 hivi. Kwa hiyo msomaji wa pwani anaposikia wakia, mawazo yake huenda kwenye mizani, na yuko sahihi. Shida ni kwamba Waingereza walikuwa na wakia mbili, ya uzito na ya ujazo, na zote ziliitwa kwa jina lilelile. Ile ya ujazo huandikwa `fl oz` kwenye lebo, ya uzito huandikwa `oz` peke yake. Herufi mbili za mwanzo zikiachwa, na wauzaji wa chupa huziacha kila siku, hakuna tena anayejua kinachozungumzwa ni kipi.

Ya ujazo nayo ina matoleo mawili, na sababu yake ni ya kihistoria. Makoloni ya Marekani yalizoea galoni ya mvinyo ya enzi za Malkia Anne, iliyowekwa kisheria 1707, yenye inchi za ujazo 231. Walipojitenga waliendelea nayo, na wakaigawa mafungu 128. Fungu moja ni mililita 29.57. Mwaka 1824 Waingereza waliziacha galoni zao za zamani wakatunga mpya: galoni iwe ujazo wa ratili kumi za maji. Ratili kumi ni wakia 160, basi galoni ikagawanywa mafungu 160, na fungu moja likawa mililita 28.41. Ndiyo maana wakia ya ujazo ya Uingereza, ikiwa ni ya maji, ina uzito wa wakia moja kamili, wakati ile ya Marekani inazidi kidogo.

Tofauti ya moja na nukta mbili hivi kwa kila wakia inaonekana ndogo, lakini hukua kadiri chombo kinavyokua. Painti ya Marekani ina wakia 16 zake, mililita 473. Painti ya Uingereza ina wakia 20 zake, mililita 568. Anayeagiza "chupa za painti" bila kutaja nchi anaweza kupokea chombo kinachopishana na alichokitarajia kwa karibu mililita mia. Kwa chupa za kioo zinazoagizwa kutoka viwanda vya Asia siku hizi, dau la kwanza liwe Marekani, kwa kuwa nyingi hufuata saizi za soko la huko: wakia 4 ni mililita 118, wakia 8 ni 237, wakia 12 ni 355, wakia 16 ni 473. Namba hizi nne zikibandikwa ukutani jikoni zinatosha kwa kazi nyingi. Nyingine inayosaidia kuhakikisha ni ile ya chupa ya maji ya nusu lita: mililita 500 ni wakia 16.9 za Marekani, na maandishi hayo mtu huyaona kwenye lebo za maji yatokayo huko.

Asali ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi hatari ya kuchanganya wakia ya uzito na ya ujazo. Wafugaji wa nyuki wa Tabora wanajua tangu zamani kwamba ndoo ya lita 20 ikijaa asali haina kilo 20, ina kilo 28 hivi. Asali ni nzito kuliko maji kwa takriban mara 1.42. Sasa, kuna chupa zinazouzwa kwa jina la asali inayoingia ndani yake, siyo kwa ujazo wake. Chupa ya asali ya ratili moja, gramu 454, inahitaji nafasi ya mililita 320 tu. Ile ya asali ya wakia nane, gramu 227, inahitaji mililita 160. Mtengenezaji wa sosi akiinunua akidhani ni ya wakia nane za ujazo, atapata chombo ambacho ni theluthi mbili ya alichokitaka. Na mwenye asali akinunua chupa ya wakia nane za ujazo, kila chupa itameza gramu 336 za asali, zaidi ya gramu mia juu ya alizopigia bei.

Kwa hiyo swali la dukani lisiwe "ni aunsi ngapi?" Liwe "ni mililita ngapi hadi ukingoni?" Na muuzaji asipojua, basi anunue chupa moja tu, aende nayo nyumbani akaipime.

*

Kabla ya chupa, kuna sufuria. Tumchukue mama wa Tanga anayetaka kutengeneza sosi ya pilipili na nyanya kwa kufuata mapishi ya Kimarekani. Mapishi yanasema: vikombe sita vya pilipili na nyanya zilizosagwa, wakia 12 za siki. Ana seti ya vikombe vya plastiki vya kupimia, na mpini wa kile kikubwa umeandikwa 250 ml. Ana pia kikombe cha chai cha bati ambacho amekizoea kuliko vyote, na akikijaza kinachukua mililita 300.

Kikombe cha Marekani ni wakia nane zao, yaani mililita 237. Cha Australia, na cha vipimo vya kisasa vya Kanada, ni 250. Cha Japani ni 200. Mapishi yote yakiwa kwa vikombe tupu, kosa la kikombe haliharibu kitu: vikombe sita kwa kimoja na nusu ni sita kwa moja na nusu hata ukitumia bakuli. Ladha itakuwa ileile, kiasi tu ndicho kitabadilika. Madhara huanza pale kiungo kimoja kinapopimwa kwa kikombe na kingine kwa kipimo kisichobadilika, kama wakia, gramu, au chupa nzima ya dukani.

Hapa ndipo hesabu inahitaji kutazamwa kwa makini. Kwa vikombe vya Marekani, pilipili na nyanya ni mililita 1,420, na siki ni 355. Siki ni asilimia 20 ya mchanganyiko. Kwa kikombe chake cha mililita 250, mboga zinakuwa 1,500 huku siki ikibaki 355, na sehemu ya siki inashuka hadi asilimia 19. Kwa kikombe cha bati, mboga zinafika 1,800 na siki inashuka hadi asilimia 16 na nusu. Akiwa amegeuza wakia 12 kwa kipimo cha Uingereza pia, siki itapungua mililita 14 nyingine.

Siki hiyo haikuwekwa kwa ajili ya ukali peke yake. Ndiyo inayoizuia bakteria ya botulinamu isiote ndani ya chupa iliyofungwa isiyo na hewa. Mpaka unaotumiwa na wataalamu wa usindikaji ni pH 4.6, na sosi inatakiwa ikae chini ya hapo kwa nafasi ya kutosha. Watengenezaji makini hulenga 4 au chini. Mapishi yaliyopimwa yalipimwa kwa uwiano wake. Anayepunguza siki kwa kosa la kikombe hajui tena amesimama wapi, na sosi haitamwambia, kwa kuwa chupa yenye sumu hiyo inaweza kuwa na rangi nzuri na harufu ya kawaida. Kipima asidi kidogo cha mkononi kitamwambia. Lakini kwanza ageuze mapishi yote kuwa mililita na gramu, ayaandike upya kwenye daftari lake, na vikombe avirudishe kabatini.

*

Sasa chupa. Kioo hakina ujazo mmoja, kina miwili. Kuna ujazo wa hadi ukingoni, na kuna ujazo wa kujazia, ule unaobakiza nafasi chini ya kifuniko. Baadhi ya chupa zilizotengenezwa kwa kanuni za Ulaya zinaonyesha hili kwenye kitako: kuna alama kama tarakimu 3 iliyogeuzwa, kisha ujazo kwa sentilita, na mara nyingine umbali wa milimita kutoka ukingoni hadi mstari wa kujazia. Chupa ya mvinyo yenye "75 cl 63 mm" inasema kwamba ina mililita 750 ikijazwa hadi milimita 63 chini ya mdomo. Chupa nyingi za sosi zinazouzwa rejareja hazina maelezo hayo, na namba zilizoko kitakoni mara nyingi ni za kiwanda, namba ya umbo la kumwagia kioo, wala hazihusu ujazo.

Kinachohitajika ni mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na maji. Gramu moja ya maji ni mililita moja, kwa tofauti ndogo isiyoonekana kwenye mizani hiyo. Mama wa Tanga anaiweka chupa tupu bila kifuniko: gramu 182. Anaijaza maji hadi yanakaribia kumwagika, anafuta ubavu, anapima: gramu 444. Anatoa. Chupa inachukua mililita 262 hadi ukingoni.

Halafu anachukua rula na kalamu ya wino wa kudumu, anachora mstari milimita 13 chini ya ukingo, nusu inchi, nafasi ambayo miongozo mingi ya kusindika nyanya na achari huitaka. Kwa jemu huwa ni kama milimita sita. Anapunguza maji hadi mstarini: gramu 418, yaani mililita 236. Basi muuzaji alikuwa sahihi kwenye jibu lake la kwanza. Chupa hii ni wakia nane za Marekani, kwenye mstari wake. Mia mbili hamsini ilikuwa ni namba ya kuikadiria tu, na mtu anaweza kuifikia kwa kujaza hadi karibu kabisa na kifuniko.

Apime chupa kumi, asiishie kwenye moja. Vioo vya mzigo mmoja hupishana uzito, huyu 179, yule 186, na unene wa kioo ukizidi kwa ndani ujazo hupungua. Kwenye kazi ya kila siku, chupa ndogo kuliko zote katika zile kumi ndiyo ya kupangia lebo.

Wengi wakifika hapa huandika "237 ml" na kwenda kuchapisha. Wamebakiza kitu kimoja ambacho hakimo kwenye jedwali lolote la kubadilisha vipimo, nacho ni joto.

Sosi hujazwa ikiwa moto, nyuzi 85 hivi, ili joto lenyewe liue vijidudu vilivyomo ndani ya chupa na kwenye kifuniko. Kitu cha moto kimevimba. Maji ya nyuzi 85 huchukua nafasi kubwa kuliko maji yaleyale yakiwa nyuzi 20 kwa asilimia tatu, na sosi ya nyanya, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, haiendi mbali na hapo. Mililita 236 zilizomiminwa moto hadi mstarini zitakuwa 229 kesho yake asubuhi. Mtu yeyote aliyewahi kujaza chupa moto ameona kwa macho yake: usiku sosi iligusa mstari, asubuhi imeshuka milimita tatu au nne, na anadhani imevuja au imekauka. Haijavuja. Ujazo wa lebo huhesabiwa kwa bidhaa iliyopoa, kwa kawaida nyuzi 20, kwa hiyo lebo ya 237 kwenye chupa hiyo ina upungufu wa mililita nane.

Wakaguzi wanalitazamaje hilo? Mwongozo wa OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, ambao nchi nyingi hujengea kanuni zake, una sharti la namna mbili. Kwa bidhaa ya kati ya mililita 200 na 300, chupa moja moja inaruhusiwa kupungua hadi mililita tisa. Lakini wastani wa mzigo mzima usiwe chini ya kilichoandikwa. Mwenye upungufu wa mililita nane kwenye kila chupa anapita kwa sharti la kwanza, kwa tundu la sindano, na anaanguka moja kwa moja kwenye la pili. Nchini Tanzania mlango wa kugonga kwa maswali haya ni Wakala wa Vipimo, ambao pia ndio wanaohakiki na kugonga muhuri mizani ya biashara.

*

Kuna njia ya kulikwepa joto lisisumbue tena, nayo ni kujaza kwa uzito. Sosi huvimba ikipata moto, lakini haiongezeki gramu hata moja. Gramu 246 za sosi inayochemka ni gramu 246 za sosi iliyopoa.

Ili afike huko, mama wetu anahitaji namba moja zaidi: sosi yake ni nzito kuliko maji kwa kiasi gani. Anachukua ile chupa yenye mstari, anaijaza sosi baridi hadi mstarini, anagonga kitako taratibu mezani ili mapovu yapande, anaongeza kidogo, anapima. Akitoa uzito wa chupa anapata gramu 251. Maji yalikuwa 236. Akigawanya 251 kwa 236 anapata 1.06. Hiyo ndiyo namba ya sosi yake, na ni ya sosi hiyo tu. Akiongeza sukari au embe itapanda, kwa hiyo kila bidhaa ina namba yake.

Anaamua lebo iseme mililita 230. Akizidisha 230 kwa 1.06 anapata gramu 244, na anaongeza mbili za kujilinda: 246. Tangu hapo kazi ya kujaza haina hesabu tena. Chupa tupu, iliyopashwa moto, inawekwa juu ya mizani, kitufe cha sifuri kinabonyezwa, sosi inamiminwa kwa faneli hadi mizani isome 246, mdomo unafutwa kwa kitambaa safi, kifuniko kinafungwa. Kwa kuwa sifuri inabonyezwa kwa kila chupa, zile tofauti za uzito wa kioo hazimsumbui.

Je, itaenea? Hilo lazima aliulize kabla hajawasha jiko. Gramu 246 ni mililita 232 za sosi baridi, na zikiwa za moto ni 239. Chupa inachukua 262 hadi ukingoni, kwa hiyo inabaki nafasi ya mililita 23, sentimita moja na ushee chini ya kifuniko. Inatosha. Angelazimisha mililita 250 angehitaji kumimina 258 za moto, na ingebaki nafasi ya mililita nne tu, sosi ikigusa kifuniko. Kifuniko cha namna hiyo hakivutwi vizuri chini chupa inapopoa. Dalili yake ni ule mlio mdogo wa kifuniko kuzama, ambao hausikiki, na katikati ya kifuniko kinaponyesha kidole na kurudi juu. Kama anaitaka kweli lebo ya 250, atafute chupa ya mililita 280 hivi hadi ukingoni.

Sufuria yake ni ya lita 20. Angepiga hesabu ya haraka, lita 20 kugawanya kwa mililita 250, angesema chupa 80. Kwa namba zake mwenyewe, lita 20 za sosi ya moto zina kilo 20 na nusu hivi, na kwa gramu 246 kila moja atapata chupa 83, akitoa ile inayobaki imeshikilia kwenye mwiko na kuta za sufuria. Hiyo ndiyo idadi ya kununulia vifuniko na kuchapishia lebo, na ndiyo ya kugawia gharama za nyanya, gesi na siki. Wengi huanza kupata hasara kwenye sentensi hii, kwa sababu bei walipanga kwa chupa ambazo hazikutoka.

*

Lebo ya hapa nyumbani imekwisha: 230 ml. Wateja wa Muscat au Dubai nao husoma mililita, hakuna la kuongeza. Uingereza vilevile, mililita inatosha. Anayeuliza wakia ni mteja wa Marekani, kwa kuwa huko bidhaa ya kimiminika hutakiwa kuonyesha vyote viwili. Mama anagawanya 230 kwa 29.57 na kupata 7.78. Hapa asipandishe hadi 7.8, kwa kuwa wakia 7.8 ni karibu mililita 231, zaidi kidogo ya alichoahidi kwa mililita. Anashusha: `7.7 FL OZ (230 mL)`. Kanuni anayojiwekea ni fupi, kiasi kilichoandikwa hakizidi kilichomo.

Kuna jambo moja la Marekani linalowachanganya hata wazoefu. Kwenye jedwali la virutubisho la huko, kikombe huhesabiwa mililita 240 na wakia 30, namba zilizolainishwa kwa makusudi ili jedwali lisomeke kirahisi. Kwenye tamko la kiasi kilichomo, zile namba halisi ndizo zinazotumika. Ndiyo maana chupa ya huko yenye mililita 473 inaweza kuandikwa kuwa ina vipimo viwili vya kikombe, ingawa 240 mara mbili ni 480. Lebo haijakosea. Anayechukua ile 30 na kuipeleka kwenye kiasi kilichomo ndiye anayekosea, kwa kuwa wakia nane zake zinakuwa 240 badala ya 237.

Na si kila kinachoingia chupani huuzwa kwa ujazo. Sheria za Marekani hutaka vimiminika vitajwe kwa ujazo, lakini vitu vizito, vya kunata, au vyenye vipande ndani ya maji yake vitajwe kwa uzito. Asali, jemu, na achari ya vipande vya embe ziko upande huo. Akianza kutengeneza achari, mama wa Tanga ataandika gramu na wakia za uzito, ambazo ni gramu 28.35 kila moja, na ile hesabu yote ya 29.57 ataiacha kwa sosi.

Kesho yake, chupa zikiwa zimepoa, anachukua tano bila kuchagua na kuzipima zikiwa zimefungwa. Kioo hakilingani, kwa hiyo uzito wa jumla haumwambii mengi; anafungua moja, anaimwaga kwenye jagi, anaikwangua kwa kijiko cha mpira, kisha anaiosha chupa, anaikausha na kuipima ikiwa tupu. Anatoa, anagawanya kwa 1.06. Inatoka 231. Anaandika kwenye daftari: tarehe, sosi, chupa ya ukingo 262, gramu 246, lebo 230, chupa 83, moja imefunguliwa. Chini yake anaacha mistari mitupu, kwa sababu mzigo ujao wa chupa umeshaagizwa, na muuzaji amesema kwa simu kwamba ni zilezile za aunsi nane.